Rababendi ya Taratibu

Pale hospitalini watu walimwita Taratibu, na yeye mwenyewe alikwisha kulizoea jina hilo hata akalijibu kwenye simu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati lake daima limechomekwa, na kazi yake ilikuwa kuitunza seva ya hospitali: ile kompyuta kubwa isiyo na kioo ambamo majina ya wagonjwa, dawa walizoandikiwa na majibu ya vipimo vyao huhifadhiwa. Seva ilikaa katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka. Harufu ya sabuni haikuwahi kutoka humo, na kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo ambayo Taratibu aliimwaga mwenyewe kila asubuhi, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na ndoo ile.

Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenzake. Kila alipofungua kitu ambacho lazima kije kifungwe baadaye, mlango wa muda, ruhusa ya mgeni, kipimo cha majaribio, alivaa rababendi, ule mpira mwembamba wa kufungia vitu, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Hakuivua mpaka kile kitu kifungwe. Siku nyingine alitembea na rababendi tatu, na wauguzi wakimwona hivyo humwuliza, "Leo umefungua maduka mangapi, shemeji?"

"Matatu," hujibu bila kucheka. "Na yote nitayafunga."

Watu wengi hucheka kitu kama hicho kwa sababu hawajawahi kukabidhiwa kitu ambacho wengine watakitegemea bila kujua. Taratibu alijua. Ndiyo maana alienda taratibu.

Jumatatu ile alikuta mlango wa stoo uko wazi. Ndani alikuwa mwenzake wa ofisi moja, kijana wa miaka thelathini na ushee, mwepesi wa mikono na wa maneno, ambaye naye alikuwa na jina lake: Chapchap. Walipishana kwa kila jambo, lakini walikula meza moja na kuazimana mwavuli.

"Umechelewa bwana, nimeshaokoa jahazi," Chapchap alisema, kikombe cha chai mkononi. "Alfajiri nimepata onyo kwenye simu, diski ya seva imejaa karibu yote. Nikaja mbio. Nikakuta lifaili limoja limenenepa kama kupe. Nikalifuta. Kwisha kazi."

"Ulipolifuta, uliangalia tena nafasi?"

"Nimekwambia nimelifuta. Nikitupa taka, nirudi nikachungulie pipa?"

Taratibu alinyoosha mkono kuichukua ndoo, na kabla hajaigusa simu ya mezani ikalia. Ilikuwa maabara.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole wa sauti, asiyepiga simu bila sababu. "Kaka, njoo," alisema. "Majibu ya leo hayaonekani wodini. Ya jana yanafunguka vizuri, ya leo hata moja. Nimepima toka asubuhi nikidhani yanaenda."

Taratibu alikwenda kwa miguu, na safari hii hakwenda taratibu.

Maabara ilikuwa mwisho wa korido ya watoto. Nje ya dirisha lake, kwenye benchi la mbao, alikaa mama mmoja na kichanga kilichofungwa kanga, kichwani kimebandikwa pamba na plasta. Alikuwa anakitazama kile kipande cha plasta.

Ndani, mtaalamu alimwonyesha mashine ya kupima damu. Ilikuwa ya zamani. Kioo chake kilionyesha jibu la sampuli ya mwisho tu, na printa yake ilikufa zamani bila kuzikwa. Kila jibu lilipotoka, kiprogramu kidogo katika kompyuta ya pembeni kililichukua na kulipeleka kwenye seva. Kwenye kioo cha kompyuta ile duara dogo lilikuwa linazunguka, linazunguka.

"Majibu yako wapi sasa?" mtaalamu aliuliza.

Taratibu aliinama, akasoma. "Yamo humu, kwenye kumbukumbu ya kiprogramu hiki. La kwanza limepelekwa, seva haijaitikia. Mengine yamepanga foleni nyuma yake."

"Basi yako salama."

"Yako salama maadamu hakijakatika. Hiki kilitengenezwa vibaya, dada. Seva ikikata mawasiliano, kinatupa kila kilichobeba na kuanza upya kama hakijui lolote."

Mtaalamu alishusha sauti. "Huyo mtoto hapo nje. Wamemchoma mikono yote miwili, miguu yote miwili, mshipa hawaupati. Mwisho wakaupata kichwani. Damu iliyotoka ilitosha kipimo kimoja tu, na nimekitumia chote. Daktari anasubiri jibu aamue kama anaongezewa damu ama la. Wamepita wengi baada yake, mimi tarakimu za jibu lake sikumbuki. Nisikudanganye."

"Usidanganye," Taratibu alisema. "Usiguse kompyuta hii. Usizime, usifunge dirisha, usipime kingine. Mtu akija kufagia, asichomoe waya."

Alipotoka, mama wa kichanga alimwinulia macho. Alimdhania daktari, kwa sababu ya lile shati lililochomekwa.

"Bado, baba?"

"Bado, mama," alisema Taratibu. Hakuwa na zaidi, na hakutaka kumpa neno asilokuwa nalo.

Aliporudi stoo alimkuta Bosi, mkuu wao wa kitengo, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, amesimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya watu watatu. Dirisha la dawa lilikuwa limekwama pia, na mapokezi wameanza kuandika kwenye karatasi. Chapchap alikuwa ameketi kwenye kibodi, jasho limemtoka licha ya kiyoyozi.

"Inasoma, haiandiki," alisema. "Ukiiomba kitu cha jana inakupa. Ukiipa kipya inashikilia tu, haikatai, haikubali. Kama mtu aliyejaza mdomo." Aligeuka kwa Bosi. "Dawa yake ndogo. Tuizime, tuiwashe. Dakika mbili."

"Izime basi," Bosi alisema. "Watu wamejaa huko nje."

"Msiizime," alisema Taratibu.

"Haya, tumeanza," Chapchap alisema. "Wewe nyumba ikiungua utaanza kutafuta viatu."

"Ndiyo, kwa sababu chini kuna misumari. Bosi, maabara wana majibu ya asubuhi nzima yanasubiri kuingia. Tukizima, yatapotea. Kuna kichanga kimechomwa mwili mzima mpaka kichwani, na jibu lake limo humo. Likipotea, kinarudishwa kwenye sindano, kama mshipa utapatikana."

Bosi aliivaa miwani yake, akaivua. "Unataka muda gani?"

"Sijui. Nipishe niangalie."

Chapchap aliondoka kitini kwa shingo upande. Taratibu aliketi na kuyasoma maneno ambayo seva yenyewe ilikuwa imeyaandika kwenye daftari lake la matukio, maneno ambayo mwenzake aliyapita kwa haraka: diski imejaa, nasubiri mtu aniondolee nafasi. Haikuwa imekufa. Ilikuwa imesimama na mzigo kichwani, inangoja mtu ayasogeze makorokoro njiani.

Aliiuliza diski: umejaa kiasi gani? Ikajibu: yote. Halafu akajumlisha faili zote zilizoonekana ndani yake, moja baada ya moja. Jumla haikufika hata nusu.

"Tazama hapa," alimwambia Chapchap. "Diski inasema imejaa. Faili zinasema hazijafika nusu. Nani mwongo?"

Chapchap aliinama, akakunja uso. "Nimelifuta lile faili. Nimeona kwa macho yangu jina limeondoka."

"Jina ndilo lililoondoka. Umebandua kibao mlangoni, mpangaji bado yumo ndani. Seva ilikuwa imelifungua lile faili na inaendelea kuliandika. Maadamu imelishika, nafasi yake hairudi."

Kiyoyozi kilidondosha tone kwenye ndoo.

"Kwa hiyo nikiizima itaachia," alisema Chapchap, lakini polepole, kama mtu anayeyasikiliza maneno yake mwenyewe.

"Itaachia. Na majibu ya maabara yatakwenda nalo."

Taratibu aliandika amri ya kuorodhesha faili zilizokwisha kufutwa lakini bado zimeshikwa. Lilitoka moja tu, refu kuliko alivyowahi kuona, na kando yake anwani ya mahali lilipokuwa. Alisoma jina lile, akalisoma tena.

Lilikuwa faili ambalo seva huandikia kila ombi inaloletewa, kila swali la kila muuguzi, neno kwa neno. Kwa kawaida huwa limezimwa, kwa sababu hukua kama magugu baada ya mvua. Aliyeliwasha alikuwa yeye. Alhamisi alasiri mapokezi walilalamika kompyuta zinakokota, naye akaliwasha ili ajue ni ombi gani linalochelewesha. Alikusudia kulizima kabla ya kutoka. Alivaa rababendi.

Akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mtupu.

Alikumbuka sasa. Alhamisi ile simu ilitoka nyumbani, mama yake kazidiwa na kifua. Aliondoka ofisini bila kuaga. Usiku ule alipanga dawa za mama mezani, vidonge vya rangi rangi, na pakiti hazikukaa pamoja. Alivua kitu mkononi akazifunga. Ijumaa kutwa alikuwa naye kliniki. Mkono ulikuwa mwepesi, na kichwa kikaufuata mkono.

"Vipi?" Bosi aliuliza mlangoni. "Umeona nini?"

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Chapchap ndiye aliyefuta faili vibaya. Bosi alikwisha kumtazama kwa jicho la pembeni. Angesema tu "nimeona tatizo", akatengeneza, akasifiwa, na hakuna ambaye angeuliza faili lile liliwashwa na nani. Watu wengi wenye sifa njema wamezipata kwa kupita mlango kama huo, na sioni sababu ya kuwaonea wivu.

"Nimeona," alisema. "Nitawaambia yote nikimaliza. Kwanza nafasi."

Hakulifuta tena, kwani lilikwisha kufutwa. Alipita kwa njia ile ile ambayo seva ililishikia, akalikata urefu mpaka likawa tupu, bila kuinyang'anya seva mkononi. Halafu akaiuliza diski. Nusu na zaidi ilikuwa wazi.

"Nafasi imerudi!" Chapchap alipiga kofi. Akakitazama kioo cha pili, ambako kulikuwa na orodha ya waliokuwa wanangoja kuandika. Haikusogea. "Lakini bado imeganda. Bwana, bado! Tuiwashe upya sasa, nafasi ipo."

"Subiri."

"Subiri nini? Watu wanapiga simu mpaka—"

"Inachungulia mara moja kwa dakika kama nafasi imepatikana. Haikai inachungulia muda wote. Ndivyo ilivyotengenezwa. Tukae."

Wakakaa. Bosi alishikilia fremu ya mlango. Chapchap alianza kutikisa goti, Taratibu akaliwekea mkono, goti likatulia. Simu ya mezani ililia, hakuna aliyeipokea. Dakika moja ni kitu kidogo sana kwa mtu anayekunywa chai, na Taratibu katika ile aliyasikia matone yote ya ndoo.

Halafu orodha ikapungua. Ombi la kwanza likatoka, la pili, halafu yakaporomoka kama watu wanaotoka mlango mmoja. Kwenye kioo majina ya vipimo vya maabara yalianza kuingia, moja chini ya jingine, na saa za asubuhi ile ile.

"Ee Mola wangu," alisema Bosi taratibu.

Chapchap aliinua simu, akapiga maabara mwenyewe. "Dada, angalia. Ndiyo. Yote? Hesabu vizuri." Akangoja. "Anasema yote. Ya kichanga pia. Ameshampelekea daktari."

Taratibu alikuwa bado anaandika. Alilizima lile faili la maombi, akahakikisha limezimika, akaiuliza diski tena baada ya muda kidogo kama inakaa pale pale, na ikakaa. Ndipo alipokigeuza kiti.

"Faili lile nililiwasha mimi," alisema. "Alhamisi. Nikasahau kulizima. Limekula diski siku zote hizo kwa sababu yangu. Huyu alifika kuzima moto niliouwasha mimi."

Bosi alimgeukia. Alikuwa mama mwenye maneno makali, na watu walimwogopa kwa haki. "Wewe," alisema. "Wewe wa rababendi."

"Mimi."

"Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia huyu."

"Mwambie moja, lisizidi. Angeangalia nafasi baada ya kufuta, tungejua alfajiri. Mengine yote ni yangu."

"Hilo moja nalipokea," Chapchap alisema haraka, kabla Bosi hajafungua kinywa. Halafu, kwa sababu alikuwa yeye, akaongeza: "Lakini naomba liingie kwenye kumbukumbu kwamba Taratibu amekimbia leo. Nimemwona koridoni."

Bosi hakucheka, ila miwani ilitikisika kifuani. "Kesho kwenye mkutano wa asubuhi utasimama, utaeleza mbele ya wote, toka mwanzo mpaka mwisho," alimwambia Taratibu. "Wodi ya watoto pia watakuwepo. Na lile faili kuanzia leo haliwashwi na mtu mmoja. Wawili, na wa pili ndiye anayeulizwa kama limezimwa. Na onyo la diski lije kwa wote wawili na kwangu, lije mapema, si ikiwa imebaki pumzi moja."

"Sawa, Bosi."

"Na hicho kiprogramu cha maabara kinachotupa mizigo ya watu, nakitaka kitengenezwe kiandike pembeni kwanza kabla ya kupeleka. Msiniambie mwakani."

Alipoondoka, Chapchap alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwani maji alikwisha kuyamwaga bila kuombwa. "Ungenyamaza," alisema. "Mimi ningebeba. Nimezoea kubebeshwa."

"Ndiyo maana sikunyamaza."

"Nikuulize. Kesho utasimama kweli mbele ya manesi wale? Watakuimba mpaka mwaka uishe."

"Waimbe. Waliochomwa sindano si wao."

Mchana, Taratibu alipita korido ya watoto. Hakuwa na shughuli kule. Benchi la mbao lilikuwa tupu. Kupitia kioo cha mlango wa wodi alimwona yule mama ameketi kando ya kitanda kidogo, na juu yake mfuko wa damu umening'inizwa, matone yanashuka kwenye mrija uliopita pale pale kichwani, kwenye mshipa ule ule. Hawakutafuta mwingine. Mama alimwona, akainua mkono kidogo kumsalimu, bado akimdhania daktari. Taratibu alitaka kumweleza kwamba siye, kwamba ni yeye aliyemkalisha kwenye benchi asubuhi nzima. Lakini mtoto alikuwa amelala, na mama naye akafumba macho. Akaliacha kwa kesho, kwenye mkutano, mbele ya watakaosikia.

Jioni alimkuta mama yake sebuleni, mto mgongoni, kifua kimetulia. Dawa zilikuwa mezani, zimefungwa vizuri, na rababendi ya kahawia imezunguka mara mbili.

"Mama, hiyo rababendi ni yangu."

"Ilikuwa," mama alisema bila kugeuza shingo. "Sasa ni ya dawa zangu. Ukiichukua zitasambaa, halafu nitameza za usiku mchana, mtaniita mwendawazimu."

Alimweleza. Hakuwa na kawaida ya kumweleza mambo ya seva, lakini leo alimweleza yote: faili, diski, kichanga, plasta kichwani. Mama alisikiliza huku anavivuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Kwa hiyo ulifungua jambo la watu kazini, ukaja kufunga langu nyumbani," alisema mwishowe.

"Ndivyo."

"Sasa unataka nikwambie umefanya vizuri kwa sababu mimi ni mama yako?"

"Hapana, mama."

"Vizuri. Maana sitasema." Halafu akaichukua pakiti ya dawa, akaifungua polepole, akachomoa kidonge cha usiku, akameza na maji. Rababendi ilibaki kiganjani mwake. Aliunyoosha mkono wa mwanawe wa kushoto, akaivisha pale kwenye kifundo, akaivuta na kuiachia ikamchapa.

"Kesho umesema unasimama mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Basi usiivue mpaka useme. Dawa zangu nitazifunga kwa uzi."